Ba'mdogo, barua ya michango ya Maulidi nimeipitia, hii hapa

Assalaam alaikum ba'mdogo, shikamoo. Barua uliyonitumia jana nimeisoma na kuirudia, na usiku huu nimekaa nayo nikairekebisha yote. Iko hapo chini, ukiridhika unaikopi ilivyo unaibandika kwenye grupu la wana Ujiji walioko nje. Ila kabla hujaifikia naomba unisikilize kidogo nikwambie kwa nini nimekata nilivyokata, maana najua mwenyekiti atauliza na wewe ndo katibu utakayejibu.

Salamu zilikuwa aya tatu nzima. Mtu anakuja kujua kwamba anaombwa mchango akishafika katikati ya barua, na ndugu yetu aliyeko dukani Kariakoo wateja wamesimama mbele yake hafiki huko, atasema nitasoma jioni, na jioni ndo imetoka hiyo. Hamdu na kumsalia Mtume nimeviacha, hivyo haviguswi, ila kinachofuata hapo hapo ni shughuli gani, lini, na tumepungukiwa shilingi ngapi.

Sasa kubwa ni hili la hela. Umeandika "tunahitaji jumla ya shilingi 3,800,000 kufanikisha shughuli yetu." Hiyo ndo bajeti kweli, ila siyo tunachoomba. Wazazi wa watoto 31 wameshatoa elfu 30 kila mmoja, hiyo ni 930,000, na msikitini Ijumaa zilizopita zimepatikana 468,000. Mkononi kuna 1,398,000 taslimu na barua yako haikuitaja hata kidogo! Mtu wa mbali akisoma vile anaona watu wa nyumbani wamekaa tu wanasubiri wa nje watume, wakati mama anayeuza mawese pale sokoni ametoa elfu 30 yake kwa ajili ya mtoto wake. Hilo lazima lionekane, tena mapema, kwa sababu mtu anasaidia kwa moyo mzigo ambao ameona wenzake wameshauinua.

Halafu nimekaa na karatasi ya bajeti nikapiga hesabu nikaona kitu kizuri sana. Ukitoa ng'ombe, na ukitoa mavazi, misahafu na vyeti vya watoto, vyote vilivyobaki (mchele, viungo, turubai na viti, kipaza sauti, wapishi, nauli za masheikh) vinafika 1,398,000 kamili, yaani hela iliyopo mkononi. Kwa hiyo wa nje tunawaomba vitu viwili tu, watoto na ng'ombe. Hata kichwani vinakaa. Ukimwambia mtu changia Maulidi hajui atoe ngapi, atasema atatoa chochote, na chochote huwa ni elfu tano au kimya. Ila ukimwambia mtoto mmoja ni 42,000 anajua anachukua mtoto mmoja au wawili au nusu, na akishatuma anajua amefanya nini.

Kuhusu lile neno "asiyechangia tutajua hana uchungu na kwao", nimelifuta ba'mdogo, naomba lisirudi. Kuna watu mle grupuni wana wagonjwa, kuna waliofukuzwa kazi na hawajasema, tukiwaandikia hivyo tunawafukuza na duani.

Na tarehe. Uliweka mwisho 20 Agosti. Ziwa lenyewe limefungwa tangu 15 Mei linafunguliwa 15 Agosti, na ukiangalia mwezi, tarehe 19 unakuwa mpevu, watu wa dagaa hawapati kitu na taa zao kwenye mbalamwezi. Kina kaka wa Kibirizi wamekaa miezi mitatu nyavu ziko juu, hela watakuja kuishika giza likiingia, mwisho wa Agosti kwenda Septemba. Nimeweka 14 Septemba, inatubakizia wiki mbili kabla ya shughuli, fundi kanzu zinamtosha kama vipimo tutampa mapema.

Basi barua ndo hii:

*BARUA YA MCHANGO: MAULIDI NA KUHITIMU KWA WATOTO 31 WA MADRASA YETU, UJIJI*

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W).

Ndugu zetu wana Ujiji mlioko Dar, Mwanza, Tabora, Bujumbura, Kalemie na kokote mliko, assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Jumamosi tarehe 28 Septemba 2024, baada ya swala ya Alasiri, tutasoma Maulidi hapa mtaani kwetu na siku hiyo hiyo tutawasimamisha watoto 31, wavulana 14 na wasichana 17, ambao wamekhitimu juzuu zote 30. Shughuli nzima ni shilingi 3,800,000. Sisi wa nyumbani tumeshatoa 1,398,000. Zimepungua 2,402,000 na hizo ndizo tunazokuja kuwaomba nyie, mwisho Jumamosi tarehe 14 Septemba.

Hawa watoto mngewaona. Madrasa ina misahafu 9, wamekuwa wakisoma watatu watatu wanne wanne, mmoja anashika kushoto mwingine kulia na wa katikati anafunua kurasa. Msahafu mmoja wapo umetoka jalada, umeshonwa na uzi wa nyavu, na kurasa za mwanzo hazipo kabisa, anayepewa huo inabidi aanze kwa kichwa mpaka afike zilipoanzia kurasa. Kuna binti wa miaka 11 katika hao, mama yake anaanika dagaa Kibirizi, alikuwa anatoka kumsaidia mama kugeuza dagaa anakuja darasani na nguo ile ile, na Yasin anaisoma ustadh anabaki ameinamisha kichwa. Tunataka siku ya kuhitimu kila mtoto aende nyumbani na msahafu wake mwenyewe, wa kwake, aweke kwao.

Hela tuliyonayo, elfu 30 kutoka kwa mzazi wa kila mtoto na sadaka za msikitini, imeshapangiwa hivi:

Mchele kilo 90 kwa 2,800: 252,000
Mafuta, vitunguu, viazi na viungo: 230,000
Kuni na wapishi: 120,000
Maturubai 4 na viti 400: 320,000
Kipaza sauti na jenereta: 150,000
Nauli na malazi ya masheikh watatu kutoka Tabora: 240,000
Maji, sahani na vikombe: 86,000
Jumla: 1,398,000

Hayo msiyafikirie, yameisha. Yamebaki mawili tu.

La kwanza ni watoto. Kila mtoto anahitaji kanzu au baibui la 25,000, msahafu wa 15,000 na cheti cha 2,000. *Mtoto mmoja ni 42,000.* Watoto wote 31 ni 1,302,000. Ukiweza chukua mtoto mmoja. Mkiwa ndugu wawili au marafiki, gawaneni 21,000 kila mtu mchukue mtoto wenu. Mwenye 15,000 amempa mtoto msahafu, na huo atausoma miaka mingi baada ya pilau kuisha.

La pili ni ng'ombe mmoja wa kulisha wageni 400. Tumeshamuona, bei tumekubaliana 1,100,000 na mwenyewe amekubali kutusubiri mpaka tarehe 16 Septemba, ikipita hapo anamuuza. Tumemgawa mafungu 22, *fungu moja ni 50,000.* Kampuni ya watu watano mkitoa elfu kumi kumi mmechukua fungu.

Ndugu zetu wa ziwani tunajua hali ya miezi hii mitatu, hatuwasahau na hatuwasukumi. Andika ahadi yako sasa hivi, hela utatuma giza likiingia, kabla ya tarehe 14. Na ambaye mwaka huu hali haimruhusu, tunaomba dua yake, na siku hiyo aje kukaa na sisi kama mtu mwingine yeyote, hakuna atakayeulizwa kitu mlangoni.

Jinsi ya kutuma: tumia namba ya mweka hazina iliyobandikwa juu kabisa ya grupu hili, ni hiyo hiyo moja tu. Mtu akikutumia namba nyingine inboksi akakwambia ndo ya Maulidi usitume, piga simu kwanza kwa katibu au mwenyekiti. Ukishatuma weka ujumbe wa muamala hapa na useme ni ya mtoto au ya ng'ombe. Anayetaka sadaka yake iwe ya siri amtumie mweka hazina peke yake, jina lake halitatajwa.

Kila Ijumaa baada ya swala tutaweka hapa orodha, watoto wangapi wamepata na mafungu mangapi ya ng'ombe yamebaki. Baada ya shughuli, Jumapili ya tarehe 6 Oktoba, tutaweka matumizi yote pamoja na picha za risiti. Ikizidi shilingi yoyote itanunua mikeka ya madrasa, iliyopo imechakaa na watoto wanakaa sakafuni.

Allah awape kheri katika riziki zenu na awarehemu wazee wetu waliotutangulia.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina
Kamati ya Maulidi, Ujiji
Jumapili, 11 Agosti 2024

Ndo hiyo ba'mdogo. Habari ya yule binti nimeiandika bila jina, lakini hata hivyo muulize mama yake kwanza kama ameridhia, anaishi na watu pale mwaloni na wengine watamjua kwa dagaa tu. Akisema hapana toa sentensi hiyo, ya misahafu inatosha kubeba.

Mweka hazina naye ahakikishe jina linalotokea mtu akituma ni lake kamili kama watu wanavyomjua, maana mwaka jana watu wawili waliona jina la mwanae wakaghairi, waliniambia wenyewe. Kama laini imesajiliwa kwa jina la mtoto basi atafute nyingine kabla hatujabandika.

Usiitume mchana. Itume leo baada ya Isha watu wametulia majumbani, halafu wewe na mwenyekiti muwe wa kwanza kuandika chini yake, kila mmoja na mtoto wake. Mimi nimeshachukua wawili, 84,000, niandike kwenye orodha, natuma Jumatatu benki ikifunguliwa. Shangazi wa Mwanza nimeongea naye kwa simu anasema anataka fungu moja la ng'ombe na mtoto mmoja wa kike, mwekee kabisa asije akakuta wameisha akanuna.