Maelezo ya Jaribio: Kupasha Maji kwa Jua kwa Kutumia Makopo Yaliyopakwa Rangi Nyeusi

Waheshimiwa majaji, walimu na wanafunzi wenzangu, kikundi chetu kilitaka kujua jua kali linaweza kupasha maji kwa kiwango gani bila moto wala umeme, na kama kulipaka kopo rangi nyeusi kunatosha.

Tulichukua makopo matatu ya bati yaliyolingana, tukatia lita 1 ya maji yenye nyuzijoto 27 katika kila moja na kuyafunika kwa vifuniko vyake. Kopo la kwanza tuliliacha na mng'ao wake. La pili na la tatu tuliyapaka rangi nyeusi isiyong'aa, kisha la tatu tukaliweka ndani ya sanduku lililotandikwa magazeti na kufunikwa kioo. Yote yalianikwa saa tano asubuhi, mahali pamoja, yasitiane kivuli. Kabla ya kila kipimo tulikoroga maji, kwa sababu yaliyopata moto hupanda juu, na kipimajoto kikiishia hapo juu kitatoa jibu la kupotosha.

Kufikia saa nane mchana, kopo linalong'aa lilikuwa na nyuzijoto 37, jeusi la wazi 47, na jeusi lililokuwa sandukuni 58. Kwa kuwa kilo 1 ya maji huhitaji takribani jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja, maji ya kopo jeusi la wazi yalipata jouli 84,000, mara mbili ya yale ya kopo linalong'aa. Hilo tulilitarajia, kwani bati linalong'aa huakisi sehemu kubwa ya mwanga, ilhali rangi nyeusi huufyonza na kuugeuza kuwa joto.

Lililotufikirisha zaidi ni mwendo wa kopo jeusi la wazi: katika saa ya kwanza lilipanda nyuzi 11, katika ya pili 6, na katika ya tatu 3 tu, ingawa jua lilikuwa bado linawaka vilevile. Kadiri kopo linavyozidi hewa kwa joto ndivyo linavyopoteza joto hilo kwa kasi, hasa upepo unapolipitia, hadi kinachoingia kikaribie kulingana na kinachotoka. Kioo hupitisha mwanga wa jua, lakini huzuia upepo na mnururisho wa joto unaotoka kwenye kopo, nayo magazeti hupunguza joto linalopotea kupitia kuta za sanduku. Kwa maoni yetu, basi, anayetaka kutengeneza kifaa cha namna hii asiishie kwenye rangi, bali aangalie pia kifuniko.

Maji ya nyuzi 58 yanafaa kwa kuoga, baada ya kupozwa kidogo, na kwa kufulia, lakini hayajachemka, hivyo hatudai kwamba ni salama kunywa. Makopo yote matatu yako hapa mezani pamoja na jedwali la vipimo, nasi tuko tayari kupokea maswali yenu.