Nyama ya Wifi

Saa saba mchana treni ilikuwa bado haijasogea. Mvua ya usiku ilikuwa imekula tuta la reli mahali fulani kati ya Kidete na Gulwe, na mafundi, kwa maneno ya mhudumu aliyepita kwenye behewa akijipepea kwa kofia, "wanalimalizia." Neno hilo alikuwa amelisema pia saa nne asubuhi.

"Shangazi, njaa," alisema Idi.

Zuhura alivuta kapu kutoka chini ya kiti. Ndani mlikuwa na chakula alichofungiwa na wifi yake pale Temeke: hotipoti ya nyama ya ng'ombe ya rojo, chapati kumi na mbili na chupa ya chai. Jana usiku, walipoondoka Dar es Salaam, chakula hicho kilikuwa fahari yake. Abiria wengine walikuwa wakihangaika na biskuti, yeye na mtoto wa kaka yake wakila nyama laini yenye hoho na vitunguu vilivyoiva mpaka vikayeyuka. Mwaka mzima hawajaonana, wifi akaona amwage upendo wote kwenye sufuria moja.

Alifungua kifuniko cha hotipoti. Matone ya maji yaliyoning'inia kwa ndani yakatiririka ukingoni. Mafuta yalikuwa yameganda kidogo pembezoni, lakini katikati rojo lilikuwa jekundu, zito, linang'aa. Akainamisha pua. Hakusikia uchachu wala harufu ngeni, ni ile ile harufu ya jikoni kwa wifi. Akagusa upande wa chombo. Vuguvugu.

Uvuguvugu huo ndio ulimfanya asite. Kama ingekuwa imechacha, angemwaga bila kuwaza. Kama ingekuwa ya moto wa kuunguza ulimi, wangekula. Sasa ilikuwa nyama nzuri kwa macho, nzuri kwa pua, na ilikuwa imekaa hivyo hivyo tangu lini?

Akaanza kuhesabu kichwani. Wifi aliepua sufuria saa tisa alasiri. Akapakia ikiwa ya moto, akafunga kifuniko. Saa nne usiku walifungua, wakala. Hapo ilikuwa bado na joto la kutosha, ingawa si la kutoa mvuke. Baada ya hapo ikalala kwenye kapu, chini ya kiti, usiku wa joto la pwani na Morogoro, kisha asubuhi yote hii ndani ya behewa la bati lililosimama juani. Karibu siku nzima.

Na kulikuwa na jambo lingine. Usiku ule Idi alikuwa ameingiza mkono kwenye hotipoti. Zuhura alimuona, akamchapa kidogo kiganjani, lakini vidole vilikuwa vimeshafika kwenye rojo na kutoka na mnofu. Mkono ule ule ulikuwa umeshika vyuma vya ngazi, dirisha, na pua yake mwenyewe.

"Hiyo bado nzima," alisema mzee aliyekaa mbele yao, baada ya kunusa hewani. Alikuwa anashuka Manyoni na hakuwa na chakula chochote zaidi ya karanga. "Sisi tumekulia kwenye kiporo, mwanangu. Hakijamuua mtu."

"Kweli, babu," alijibu Zuhura kwa heshima. Na ilikuwa kweli, kwa kiasi. Kwa bibi yake kule Ujiji kiporo kilikuwa ndiyo staftahi. Lakini bibi alikuwa na taratibu zake. Nyama iliyobaki ilirudishwa motoni usiku huo huo mpaka ichemke na kutoa mapovu, ikafunikwa, na baada ya hapo ole wake atakayefunua sufuria kuchungulia. Alfajiri ilichemshwa tena kabla ya mtu kulamba hata mchuzi. Kiporo cha bibi hakikuwahi kulala kwenye kapu vuguvugu kikiwa kimechovywa mkono wa mtoto wa miaka saba.

"Basi kaipashe," alisema kijana wa pembeni, ambaye tangu kifuniko kifunguliwe alikuwa ameweka simu chini. "Behewa la mgahawa lina jiko. Moto unaua kila kitu."

Wazo hilo lilimpendeza Zuhura. Akamwachia mzee mtoto na kapu, akabeba hotipoti, akapenya mabehewa mawili yaliyojaa miguu ya watu waliolala.

Mpishi alikuwa mwanaume mfupi mwenye taulo begani. Alisikiliza bila kuacha kukata kabichi.

"Imepikwa lini, dada?"

"Jana, saa tisa alasiri."

"Ikakaa kwenye barafu?"

"Kwenye hii hii."

Mpishi akaweka kisu chini, akatazama ndani, wala hakunusa. "Kukupashia si kazi. Lakini sitakupashia."

"Kwa nini, kaka? Si itachemka?"

"Itachemka, na wadudu wengi watakufa. Ila kuna wengine wakishazaliana kwenye chakula wanaacha sumu, na sumu ile haiondoki kwa moto. Mmoja wao anakaa hapa," alisema akigusa pua yake, "na hapa," akaonyesha vidole. "Mtu akigusa chakula kilichopikwa, kikakaa vuguvugu, basi. Utachemsha mpaka rojo likauke, sumu iko pale pale. Na huwezi kuinusa wala kuionja."

Zuhura akakumbuka mnofu uliotoka na vidole vya Idi.

"Sisi tulipofundishwa," aliendelea mpishi, sasa akiwa ameshika kisu tena, "tuliambiwa chakula kilichoiva kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo usizidishe muda wa saa mbili, na joto la hewa likipita nyuzi 32, saa moja tu. Hotipoti inatunza joto, sawa, lakini haitengenezi joto. Ikishashuka, inakutunzia uvuguvugu. Wadudu wanautaka huo." Akamwangalia. "Uko na mtoto?"

"Wa miaka saba."

"Aanze kutapika na kuharisha hapa, na treni imesimama porini, utampeleka wapi?"

Hakukuwa na la kujibu. Alishukuru, akarudi, na njiani alijisikia mzito kuliko alipokwenda. Si kwa sababu ya nyama yenyewe. Alimuona wifi yake akiwa ameinama juu ya jiko la mkaa, akipangusa jasho kwa ncha ya kanga, akiuliza mara tatu kama chumvi imetosha.

Aliporudi kitini akatoa chapati. Hapa kazi ilikuwa ya kuchambua. Nne zilikuwa zimeliwa. Tatu alikuwa amezikunja jana usiku na vipande vya nyama ndani, ziwe tayari kwa asubuhi, akazifunga kwenye karatasi ya foili. Alipofungua moja, rojo lilikuwa limeshaingia kwenye unga, chapati imelainika kama kitambaa kilicholowa. Hizo zilikuwa na hatari ile ile ya nyama, hata kama angeitoa nyama yote na kubaki na mkate. Akaziweka pembeni.

Tano zilizobaki wifi alikuwa amezifunga peke yake kwenye kitambaa cha pamba. Ni za maji na mafuta tu, bila tui wala maziwa, na wifi alikuwa amezianika kwenye ungo mpaka zikapoa kabla ya kuzifunga, kwa hiyo hazikutoa jasho. Zuhura alizitandua moja moja mapajani, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha akitafuta madoa ya ukungu. Ya juu ilikuwa imekauka pembeni. Nyingine zilikuwa kavu, nyepesi, hazinati vidoleni, hazina unyevu katikati. Ya mwisho, ya chini kabisa, ilikuwa na doa jekundu la rojo lililopenya kutoka kwenye kapu. Ikaenda kujiunga na zile tatu.

Zikabaki nne.

"Kwa hiyo nyama unaitupa?" aliuliza kijana.

"Naitupa."

"Nipe mimi basi. Tumbo langu la chuma."

Hapo ndipo Zuhura alipokaa kimya muda mrefu kuliko wakati wowote siku hiyo. Kijana alikuwa na njaa kweli, ilionekana kwenye midomo. Mzee naye alikuwa ameacha kutafuna karanga, anasubiri jibu. Kumnyima mtu chakula ukielekea kukimwaga, kwa malezi aliyolelewa, ni kama kutukana. Lakini angempaje mtoto wa mwenzie kitu ambacho amekataa kumpa Idi?

"Mdogo wangu, ningekuwa nimekiamini ningekula na wewe," alisema. "Chukua chapati moja hii kavu. Babu, na wewe karibu."

"Mnajidekeza siku hizi," alisema mzee. Lakini chapati aliipokea, akaikata nusu na kumpa kijana nusu, kisha akawamiminia karanga kwenye kiganja, Idi akapata nyingi kuliko wote.

Zuhura alikwenda mwisho wa behewa penye pipa la taka. Alimimina nyama, akatupia zile chapati nne, halafu akamwagia juu mabaki ya chai na majani yake, asije mwingine akaona minofu safi akashawishika. Akaisugua hotipoti kwa maji ya dumu na sabuni ya kufulia, akaiacha wazi ikauke juani. Mikono yake akainawa mara mbili, kisha akamwita Idi akamnawisha mpaka viwiko, mtoto akilalamika kwamba hajachezea matope.

Kwa mpishi alinunua chai ya rangi ya moto iliyomiminwa mbele yake na mayai mawili ya kuchemsha ambayo yalikuwa bado kwenye maganda. Idi alichovya chapati kwenye chai, akasema ni tamu kuliko nyama. Uongo, ila wa adabu.

Saa kumi na nusu treni ilipiga honi, ikatetemeka, ikaanza kutambaa. Watu walipiga makofi behewa zima. Walipokaribia Gulwe simu ya Zuhura ilishika mtandao na ujumbe ukaingia: "Wifi mmefika wapi? Nyama imetosha?"

Aliandika, akafuta, akaandika tena: "Tuko Gulwe, tulikwama tangu asubuhi. Jana usiku tumekula, tamu mno. Leo nimeimwaga iliyobaki, imekaa vuguvugu siku nzima na Idi alishaingiza mkono. Chapati zako kavu ndizo zimetuokoa."

Jibu lilichelewa mpaka treni ilipokuwa inaondoka stesheni.

"Kilo mbili wifi!!!"

Kisha, baada ya muda: "Haya. Mkirudi nitawakaangia kavu, ya chumvi na ndimu, mle yote siku ya kwanza. Na huyo Idi nitamfunga mikono."