YAH: Rufaa ya pili dhidi ya kufungiwa akaunti ya "Habari za Mwaloni"

Mwanga, Kigoma
Alhamisi, 26 Septemba 2024

Kwa kitengo cha rufaa na msaada kwa watumiaji

Ndugu,

Akaunti yangu mliifunga Jumamosi, 21 Septemba, saa 3:52 usiku (kwenye notisi yenu imeandikwa 21:52, ni wakati huohuo). Sababu mliyotoa ni sentensi moja: nimekiuka kanuni ya uchochezi wa vurugu. Hamkusema ni andiko lipi wala ni neno lipi. Nakata rufaa tena, na safari hii naomba isomwe na mtu anayejua Kiswahili, ikiwezekana Kiswahili cha Tanzania, kwa sababu sehemu ya tatizo ni lugha.

Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea. Akaunti hii naiendesha tangu 2018. Siku nyingi haina siasa hata kidogo: bei ya dagaa Kibirizi na Katonga, upepo ziwani, vipe vilivyochelewa kurudi, lini meli inatia nanga. Mei hadi Agosti mwaka huu, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, niliandika karibu kila siku kuhusu familia za wavuvi zilivyokuwa zinaishi.

Andiko nililochapisha Jumamosi hiyo, saa 1:10 jioni, lilikuwa la siasa, sikatai. Tarehe 27 Novemba tunachagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Nilikwenda kwenye kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini mwa mji, ambako wananchi wanalalamika kwamba ushuru unaokusanywa mwaloni haujasomwa mkutanoni kwa zaidi ya mwaka. Kwa utaratibu wa serikali za vijiji, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Nilizungumza na watu tisa. Mwenyekiti nilimpigia simu mara mbili na kumtumia ujumbe. Alijibu kwamba hana la kusema kwa sasa, na jibu lake nililiweka kwenye aya ya tatu, halikufichwa chini kabisa.

Sasa nije kwenye maneno. Mama mmoja anayeanika dagaa alisema, nami nikamnukuu: "Mwezi wa kumi na moja tunampiga chini." Mkilitafsiri neno kwa neno, mtapata watu wanaopanga kumwangusha mtu kwa kipigo. Kwetu kumpiga chini kiongozi ni kumnyima kura. Msichana akimwacha mchumba amempiga chini, kocha akimwacha mchezaji kwenye kikosi amempiga chini, na hakuna anayekwenda hospitali. Mzee mwingine alisema: "Hela ya mwalo lazima aitapike." Kutapika hapo ni kurudisha fedha. Sidhani kama kuna mtu aliyekulia Kigoma, au popote Tanzania, ambaye angesoma kauli hizo mbili akahisi hatari. Kama kuna sentensi nyingine iliyowatia shaka, nitajieni niieleze.

Lakini lugha peke yake isingefunga akaunti. Saa 2:20 usiku ule, msomaji wangu aliyemo kwenye grupu moja la simu alinitumia picha ya skrini. Ujumbe uliokuwa unazungushwa humo ulikuwa hivi: "Ingieni kwenye hiyo akaunti wote, bonyezeni ripoti, chagueni uchochezi wa vurugu. Msichague kitu kingine. Tukifika mia mbili inajifunga yenyewe." Chini yake watu wanajibu "tayari", "tayari", "na mke wangu tayari". Saa moja na nusu baadaye mkaifunga. Sijui walifika wangapi, ninyi mnajua. Naomba mtazame ripoti hizo ziliingia ndani ya muda gani, ni ngapi zilizochagua kipengele hichohicho, ni akaunti ngapi kati ya hizo zilikuwa zinanifuata au ziliwahi hata kufungua andiko lenyewe kabla ya kuripoti. Watu mia mbili walioambiwa wabonyeze kitufe kimoja ni lalamiko moja lililorudiwa. Haliwi na uzito wa malalamiko mia mbili.

Sisemi aliyeandika ujumbe ule ni nani, wala ametumwa na nani. Sina ushahidi huo na sitaki kumbebesha mtu.

Rufaa yangu ya kwanza niliituma Jumapili saa 4 asubuhi. Jibu lilikuja baada ya dakika nne: "Tumepitia tena na uamuzi wetu unabaki palepale." Andiko lina maneno zaidi ya 600 na picha tano. Mhariri wangu wa zamani, aliyekuwa anasoma haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, dakika nne zisingemtosha hata kumaliza chai yake. Mniwie radhi, lakini siamini kama kuna binadamu aliyelisoma.

Kwa upande wangu kuna mambo mawili. Andiko nililichapisha mara mbili, kwa sababu mtandao ulikatika katikati nikadhani halijapanda. Nilipoona yamekuwa mawili nilifuta moja baada ya dakika ishirini hivi. Huenda mfumo wenu uliliona hilo kama usumbufu. La pili, kwenye maoni kuna mtu alimtukana mwenyekiti matusi ya nguoni, nami sikuyaondoa mapema kwa kuwa nilikuwa njiani kurudi mjini kwa bodaboda. Hayo nakubali, na mngenionya ningesikia. Uchochezi wa vurugu sikubali.

Ninachoomba ni akaunti irudishwe. Mkiona haiwezekani, nipeni sentensi iliyokiuka kanuni, kwa Kiswahili kama nilivyoiandika, pamoja na kanuni yenyewe. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inanipa uhuru wa maoni, ila najua haiwabani ninyi kama inavyoibana serikali, ndiyo maana siitumii kama fimbo hapa. Nawashika kwa kanuni zenu wenyewe, ambazo zinasema mtumiaji ataelezwa sababu.

Jambo moja haliwezi kusubiri. Notisi yenu inasema baada ya siku 180 kila kitu kitafutwa. Humo kuna picha na sauti za miaka sita, nyingine sina nakala yake kwa sababu simu yangu ya zamani ilitumbukia ziwani 2021. Wamo wazee wa Ujiji niliowahoji ambao sasa ni marehemu. Hata kama mtaendelea kunifungia, zuieni ufutaji huo na mniruhusu nipakue vitu vyangu.

Na mvua zinakaribia. Mwaka jana upepo ulipochafuka, ndugu za wavuvi walikuwa wanauliza kwenye ukurasa wangu kipe kipi kimeonekana wapi. Wiki hii wananipigia simu mmoja mmoja.

Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho cha taifa na cha uandishi, andiko lote, ujumbe wangu kwa mwenyekiti na jibu lake, na picha mbili za skrini kutoka kwenye grupu. Majina na namba za watu wa grupu nimeziziba ili nimlinde aliyenitumia. Mkinihakikishia kwa maandishi kwamba zitabaki kwenu, nitazungumza naye kwanza kabla ya kuwapa zisizozibwa. Rekodi za sauti za wale tisa ninazo, ila sitazituma, kwa kuwa wanne waliomba majina yao yasitajwe.

Nijibuni kwenye barua pepe niliyosajilia akaunti. Naifungua asubuhi na jioni.

Wenu,

Zuhura
Mwandishi wa habari na mwenye akaunti ya "Habari za Mwaloni"