Fundo la Kaniki

Ufahamu, Darasa la Sita. Soma hadithi hii mara mbili. Mara ya kwanza isome kwa ajili ya hadithi yenyewe. Mara ya pili isome ukijiuliza kila mtu anataka nini. Kisha jibu maswali.

Jioni ya Jumanne, katika soko la Mgandini jijini Tanga, walikuwa wamebaki wauzaji wachache tu. Bi Mwanaidi alikuwa mmoja wao. Tenga lake la mwisho la nyanya lilinyeshewa njiani, nusu ya nyanya zikaoza kabla hajazipanga mezani, na mtaji ukaenda nazo. Ijumaa alitakiwa kupeleka marejesho ya kikoba, shilingi 15,000. Ndani ya pochi alikuwa na 4,000.

Nyuma ya meza yake palikuwa na rundo la matenga matupu yaliyosubiri kurudishwa Lushoto. Asubuhi ile wakulima kadhaa walipita kukusanya fedha zao, na baadhi yao walikaa juu ya matenga hayo wakinywa kahawa. Bi Mwanaidi alipolisogeza tenga moja, kitu kikadondoka miguuni pake. Kilikuwa kipande cha kaniki kilichokazwa fundo. Alilifungua kidogo tu, akaona wekundu wa noti za elfu kumi kumi.

"Mama, nimeona," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Rajabu, kijana anayebeba mizigo kwa mkokoteni. Alisogea karibu, akashusha sauti. "Wewe umeokota, mimi nimeona. Tugawane. Hakuna mwingine anayejua."

Bi Mwanaidi aliliingiza fundo ndani ya khanga. "Gari la Lushoto linakuja Alhamisi. Mwenyewe asipotokea siku hiyo, tutazungumza."

"Na akitokea?"

Hakumjibu.

Usiku ule, mtoto wake Zuhura alipolala, alizihesabu. Noti thelathini na moja. Shilingi 310,000. Akahesabu tena, polepole zaidi, kana kwamba zingepungua na kumrahisishia mambo. Zingelipa kikoba. Zingenunua matenga kumi na manne ya nyanya. Kisha aliishika ile kaniki. Ilikuwa kuukuu, imeshonwa kwa mkono pembeni, na ilinuka moshi wa kuni. Aliyefunga fundo lile alikuwa amelikaza kwa nguvu kama mtu asiyekuwa na fedha nyingine.

Alfajiri ya Jumatano alichomoa noti mbili.

"Nakopa tu," alijiambia. "Jioni zinarudi."

Akanunua tenga moja kwa 20,000. Nyanya zilikuwa nzuri, ngumu, zimeiva sawasawa. Akazipanga mafungu ya shilingi mia tano mia tano. Siku hiyo aliita wateja kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Kila fungu lililouzwa, alihesabu moyoni limebaki deni kiasi gani.

Mchana alikuja mwanamume aliyevaa kofia ya mkeka. Habari zilikuwa zimeshatembea, maana mdomo wa Rajabu haukuwa na kufuli.

"Dada yangu, nasikia umeokota fedha zangu. Mungu akulipe."

"Pole sana, kaka. Zilikuwa kiasi gani?"

"Kama laki mbili hivi."

"Umezifunga na nini?"

Akasita. "Bahasha. Bahasha ya kaki."

"Basi nilizoziona mimi si zako."

Mwanamume yule aliondoka akitukana. Wauzaji wa meza za jirani walimpongeza Bi Mwanaidi kwa uaminifu wake. Aliinamisha kichwa, akazidi kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Hadi jua linazama aliuza mafungu sitini na mbili. Shilingi 31,000. Alitoa noti kumi za elfu mbili mbili, akazifunga ndani ya kaniki pamoja na zile nyekundu ishirini na tisa. Zikatimia 310,000. Akabaki na 11,000 zake, na zile 4,000 za kwenye pochi. Marejesho yalikuwa yamepatikana kamili. Lakini usingizi ulichelewa kuja.

Alhamisi, lori liliingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Rajabu alikuwa akishusha kabichi alipomwona mzee mmoja akizunguka matairi, akichungulia chini ya kila meza bila kuuliza mtu. Rajabu alimtazama kwa muda. Aliweka kabichi chini.

"Mzee, shikamoo. Unatafuta nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kifundo cha kaniki. Si changu peke yangu. Majirani zangu wanne walinipa nyanya zao niwauzie."

Rajabu alinyamaza kidogo. Kisha akamshika mkono. "Twende kwa Mama Zuhura."

Bi Mwanaidi hakusubiri maelezo marefu. Alipoiona pembe ya shati la mzee, imeshonwa kwa mkono uleule ulioshona kaniki, alilitoa fundo na kumkabidhi. Mzee Shemweta alikaa juu ya tenga, akahesabu kwa midomo. Alipofika kwenye noti za elfu mbili, midomo ikasimama.

"Mimi nilifunga nyekundu tupu," alisema.

Soko lilikuwa na kelele, lakini pale mezani palikuwa kimya. Bi Mwanaidi angeweza kusema lolote. Rajabu alimtazama.

"Nilichukua 20,000, baba. Jana. Nikanunua nyanya, nikauza, nikazirudisha. Faida ninayo, elfu kumi na moja."

Mzee hakusema neno. Alizikunja noti nyekundu, akazifunga ndani ya kaniki na kulikaza fundo kwa meno. Zile ndogo alizitia kwenye mfuko wa shati, peke yazo. Kisha akainuka, akachagua nyanya tatu kwenye meza, na kumlipa Bi Mwanaidi mia tano.

MASWALI

1. Bi Mwanaidi alikuwa na shida gani kabla ya kuokota fedha? Taja mbili.

2. Kwa nini hakumwambia yule mwanamume wa kofia fedha zilikuwa kiasi gani wala zimefungwaje, bali alimuuliza yeye?

3. "Nakopa tu," alijiambia Bi Mwanaidi. Mtu hukopa kutoka kwa nani? Je, neno hilo lilifaa hapa? Kama halikufaa, kwa nini alilichagua?

4. Majirani walipompongeza, aliinamisha kichwa. Alikuwa anajisikiaje, na sentensi gani nyingine katika hadithi inaonyesha hali hiyohiyo?

5. Jumanne Rajabu alitaka kugawana. Alhamisi alimpeleka mzee kwa Bi Mwanaidi. Nini kilimbadilisha? Tumia maneno ya mzee katika jibu lako.

6. Fikiria kwamba Rajabu hakuwepo siku ya Jumanne. Je, Bi Mwanaidi angezirudisha fedha? Toa ushahidi kutoka kwenye hadithi, usitoe maoni matupu.

7. Bi Mwanaidi alingoja siku mbili bila kuwaambia viongozi wa soko wala polisi. Eleza jambo moja zuri na moja la hatari katika uamuzi huo.

8. Faida ya 11,000 ni ya nani? Jadilianeni wawili wawili. Mmoja amtetee Bi Mwanaidi, mwingine awatetee wakulima watano, kisha mbadilishane upande. Andika hoja iliyokuwa ngumu zaidi kuijibu.

9. Kwa nini Mzee Shemweta alizitenga noti ndogo, na kwa nini alinunua nyanya? Andika aya moja ya mistari sita hadi minane ukieleza alichokuwa akiwaza wakati lori linarudi Lushoto.