Spidi ya hela, kampeni ya magodoro Agosti (data mpaka tarehe 18)

Bosi shikamoo, jibu fupi ni kwamba tunazidisha matumizi, na sio kidogo. Namba zote hapa ni kabla ya VAT.

Najua ukigawa bajeti ya mwezi ya 9,500,000 kwa siku 31 halafu ukazidisha mara 18 unapata kama 5,516,000, sisi tumetumia 5,400,000, kwaiyo inaonekana tuko sawa kabisa. Ila plani yetu haikuwa ya kugawa sawa kwa sawa, tulikubaliana laki mbili na nusu kwa siku mpaka tarehe 24 halafu laki tano kwa siku kuanzia 25 mishahara ikitoka, maana godoro mtu ananunua akiwa na hela mkononi. Kwa plani hiyo mpaka jana tulitakiwa tuwe 4,500,000, yani tumepita kwa laki tisa, tuko asilimia 120 ya plani.

Gugo haina shida, 1,740,000 kwenye plani ya 1,800,000. Juzi ilikula 162,000 kwa siku moja ila hiyo isikushtue, wanaruhusiwa kufika mara mbili ya bajeti ya siku, kwa mwezi ndo hawavuki bajeti ya siku mara 30.4.

Tatizo liko Meta: 3,660,000 badala ya 2,700,000. Siku 10 za mwanzo ilienda vizuri, tarehe 11 ilipowekwa video mpya seti ya matangazo ikanakiliwa na ile ya zamani ikabaki inatembea, 120,000 kila siku kwa siku 8, hiyo ndo 960,000 yote. Na zote mbili zinawafata watu walewale wa Dar. Gharama ya meseji moja ya WhatsApp ilikua 1,500 saivi ni 2,300, meseji kwa siku zimetoka 100 mpaka 117 tu, maana yake kila meseji ya nyongeza imetugharimu kama 7,000, hiyo ndo inaniuma zaidi kuliko hata kuzidisha kwenyewe.

Tukiacha hivi hivi mpaka tarehe 24, wiki ya mshahara itabaki na 1,900,000 badala ya 3,500,000. Hapana kwakweli.

Naomba tufanye hivi: seti ya zamani naizima leo asubuhi, Gugo ibaki laki moja kwa siku maana wale wanatafuta godoro wenyewe, Meta ishuke mpaka 50,000 kwa siku kuanzia leo hadi 24. Hapo siku sita zitakula 900,000, na kuanzia 25 tunabaki na 3,200,000, kama 457,000 kwa siku. Laki tatu zinapungua kwenye wiki ya mshahara, kuzirudisha zote ingebidi Meta izimwe kabisa na hilo sikushauri, meseji zikikata ghafla wauzaji dukani wanakaa bure.

Ukinipa ok kabla ya saa nne nabadilisha, tarehe 22 asubuhi nakutumia namba tena. Tukiwa tumepita 5,850,000 mpaka usiku wa 21 ujue kuna kitu kingine kinavuja.