Daftari la Eli: neno la mpambe wa bwana harusi

Wazazi wetu wa pande zote mbili, shikamooni. Wasimamizi wa ndoa, mwenyekiti na wanakamati, ndugu mliosafiri kutoka Gonja na mliotoka Marangu, marafiki wote mlioujaza ukumbi huu, Bwana asifiwe!

Emsii amenipa dakika 5. Bwana harusi ameshaangalia saa mara 2 tangu nishike kipaza sauti. Eli, tulia. Leo hesabu zote ziko mikononi mwa kamati, wewe kazi yako ni kumshika mkono Upendo.

Wanaomfahamu Elibariki wanalifahamu daftari lake. Kwa ndugu zetu wa Marangu ambao bado hamjalitia machoni: ni kaunta buku ya kwaya 3, jalada gumu, kingo zimeshikwa na selotepu. Kila ukurasa amepiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu, safu 4: tarehe, kitu, kiasi, maelezo. Luku ikiingizwa, inaandikwa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukibadilishwa, unaandikwa, na ukiisha kabla ya siku zake, Eli anaita kikao cha nyumba nzima. Kipindi tunakaa wanne nyumba moja pale Sinza, ukienda chumbani kwake kuangalia mpira unakuta ukurasa wenye kichwa cha habari “Uniti za dakika 90”. Na mechi ikienda dakika za nyongeza, anaongeza mstari!

Watani zake Wachaga mnacheka. Najua mnachosema huko meza za mbele: “Mpare huyo.” Haya, chekeni, utani ni haki yenu tangu enzi za mababu. Ila subirini, maana daftari hili lina kurasa zinazowahusu.

Ukurasa wa kwanza ni wa makande. Siku ya kwanza Upendo kukaribishwa kwa Eli, Eli aliamua kupika chakula cha kwao. Kaandika vizuri kabisa: mahindi yaliyokobolewa vikombe 4, maharage vikombe 2, nazi 1, kitunguu, karoti. Mgeni amealikwa saa 7 mchana. Tatizo ni moja, na akina mama mmeshalijua: hakuyaloweka. Mahindi makavu ya mwaka jana, hayajalala kwenye maji hata saa moja, yakawekwa jikoni saa 5 asubuhi. Saa 7 mgeni kafika, mahindi yanagonga sufuria kama kokoto. Saa 9 mkaa umeongezwa. Saa 11 Eli anaonja punje moja moja, anatikisa kichwa. Chakula kilitengwa saa 1 usiku.

Upendo aliketi pale muda wote huo, na alipopakuliwa alikula, akasema, “Yameiva.” Jamani, Upendo, tukushukuru mbele ya wazazi wako. Hayakuwa yameiva. Kwenye daftari, safu ya maelezo, tarehe ya siku hiyo, kuna maneno haya: “Loweka usiku kucha. Amesubiri saa 6. Ameomba aongezwe.” Hayo ya mwisho kayapigia mstari mara 2.

Ukurasa mwingine ni wa Marangu, siku ya mahari. Taratibu mnazijua: anayezungumza ni mshenga, kijana anakaa kimya, macho chini. Eli alikaa kimya vizuri, mpaka wazee walipotaja mbege. Hapo mkono ukapanda: “Samahani wazee wangu, ni lita ngapi?” Mshenga akashika kichwa. Wazee walicheka mpaka wengine wakavua kofia, na Baba Upendo ndiye aliyemjibu, “Mwanangu, wewe leta, sisi tutakwambia ikitosha.” Baba, hilo jibu lilimnyima usingizi siku 3! Mtu wa kupima kaambiwa alete kitu kisicho na kipimo. Akaleta, ikatosha, ikabaki. Safu ya kiasi kaandika: “Wamefurahi.”

Hata harusi hii imepita humo. Kamati ilipokaa kupanga maji, Eli alikuja na hesabu yake. Wageni 300, kila mtu chupa 2, katoni ina chupa 12, kwa hiyo katoni 50. Halafu akaongeza 5. Mweka hazina akamuuliza, hizi 5 za nini? Akajibu, za watoto, watoto wanafungua chupa, wanakunywa funda moja, wanasahau walipoiweka. Angalieni chini ya meza zenu mniambie kama amekosea. Na kwa joto hili la Februari, tuzipigie makofi hizo katoni 5.

Sasa ndugu zangu, daftari la Eli ukiligeuza, linaanza upya kwa nyuma. Kurasa hizo hakuwahi kumwonyesha mtu. Upendo alizikuta mwenyewe siku anahamisha vitabu, na yeye ndiye aliyeniruhusu nisome kidogo. Eli, usisimame, kaa.

“Viatu namba 39, kidole cha mguu wa kulia kinabanwa na vya ncha.” “Chai: tangawizi nyingi, sukari nusu kijiko.” “Mama yake apigiwe Jumapili baada ya ibada ya pili, sio kabla, anaimba kwaya.” “Bibi yake anapenda kuongeleshwa polepole, usikimbilie salamu.” Mama Upendo, simu zile za Jumapili, kumbe zina ratiba.

Na kuna ukurasa mmoja wa mwaka juzi, Upendo alipoumwa malaria. Mistari imepinda, rula haikutumika siku hiyo. Dawa ya mseto: saa 2 asubuhi vidonge 4, saa 10 jioni vidonge 4, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2, vyote 24. Kila dozi ina alama ya vema, na pembeni ya kila alama kaandika alichokula kabla ya kumeza: “uji wa maziwa”, “mtori, vijiko 6”, “mtori, bakuli zima.” Hapo kwenye bakuli zima kachora kijiua. Eli huyu, ambaye hajawahi kuchora kitu kwenye daftari lake zaidi ya mistari.

Mama Eli, ulimlea hivyo wewe. Ulimfundisha kwamba kinachotunzwa hakipotei, na leo Marangu wanampata mtu wa kutunza. Baba na Mama Upendo, binti yenu amekwenda mahali ambapo hata kikohozi chake kitaandikwa tarehe.

Upendo, nina zawadi yako. Kaunta buku mpya, kwaya 4, mistari nimeshaipiga. Lile la zamani limeandikwa “Mali ya Elibariki”. Hili limeandikwa “Mali ya Eli na Upendo”, na kalamu ya kwanza unaishika wewe. Ombi letu marafiki ni moja tu: uniti za mpira zifutwe.

Naomba wote tusimame. Mwenye soda, mwenye maji, mwenye shampeni, inua juu. Wazee kaeni, inueni mkiwa mmekaa. Dijei, shusha muziki kidogo.

Kwa Eli na Upendo: afya, watoto, na makande yaliyolowekwa usiku kucha. Gonganisheni! Akina mama, vigelegele!