Nyanya za Jumatano: picha tisa na hesabu zake

Baba Neema, kamwene. Habari za Ilula, mama Neema na watoto hawajambo? Sisi huku Ilala tunamshukuru Mungu, joto tu ndilo linatusumbua.

Nimekutumia picha tisa leo asubuhi. Najua simu yako inachelewa kufungua picha, na ukiwa shambani mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nakuandikia kila picha ina nini. Ukizifungua jioni ukakuta nimeongeza chumvi, nipigie uniambie hapo hapo.

Mzigo ni ule wa tenga 60 kwa shilingi 38,000 kila tenga, jumla 2,280,000. Nimeshakutumia 1,300,000, umebaki unanidai 980,000. Nauli ya Fuso nimelipa mwenyewe hapa sokoni kama kawaida yetu. Gari lilitakiwa kuingia alfajiri, likaingia saa saba mchana kwa sababu gurudumu lilipasuka Chalinze wakakaa pale mpaka jua limepanda. Hilo la Chalinze sikulaumu wewe na silidai, ni ajali ya barabarani. Ila nilipoona turubai linafunguliwa na harufu ile tamu-chachu inatoka kabla hata tenga la kwanza halijashuka, nikamwambia kijana wangu ashike simu, apige picha kila hatua. Wateja wangu wa Tandika na Buguruni walikuwa wamekaa pale tangu asubuhi wananisubiri, wengine wakaondoka kwenda kwa jirani. Hayo nayo si ya hesabu hii.

Picha ya kwanza ni gari lenyewe kabla ya kushusha. Utaona michirizi ya maji mekundu ubavuni, chini ya turubai, upande wa dereva. Picha ya pili ni tenga zikiwa bado zimepangwa ndani ya gari. Iangalie hii vizuri kuliko zote, maana hapo ndipo kisa kilipo. Kila tenga limejazwa kichwa, nyanya zimepanda juu ya ukingo wa mbao, halafu tenga jingine limekalishwa juu ya kile kichwa. Kwa hiyo uzito wa tenga la juu haukubebwa na mbao, umebebwa na nyanya. Na zile za chini kabisa zimebeba tenga nne juu yake kutoka Ilula, Kitonga, matuta yote ya Mikumi, mpaka hapa.

Picha ya tatu ni tenga namba 7 lililofunguliwa. Namba nimeziandika mimi kwa mkaa, alama yako ya rangi nyekundu inaonekana pembeni, usije ukasema ni tenga za mtu mwingine. Nyanya za juu zimekuwa bapa upande mmoja, na juu ya ganda kuna mstari ulionyooka. Huo ni mstari wa ubao wa tenga la juu yake. Ukizigusa zinabonyea, ndani zimeshageuka maji ingawa ganda halijapasuka. Hizi ndizo zinazonitia hasara zaidi kwa sababu mteja akiziona asubuhi anaziona nzima, akifika nazo kwake jioni zimelala, kesho yake anakuja kunitukania kizimbani mbele ya watu.

Picha ya nne na ya tano ni tenga hilo hilo baada ya kumiminwa kwenye turubai. Chini kabisa hakuna nyasi. Zamani ulikuwa unatandika nyasi kavu chini na pembeni, safari hii ni mbao tupu, na kuna msumari umechomoza kwa ndani, nimeuzungushia kidole kwenye picha. Nyanya saba zimetobolewa na huo msumari mmoja, na maji yake yamelowesha nyingine zote za pembeni.

Ya sita ni tenga namba 19. Hapa shida ni uchumaji. Nyanya nyekundu kabisa, za kuliwa siku hiyo hiyo, zimewekwa katikati, na juu yake zimefunikwa zenye rangi ya chungwa na kijani. Ile mbegu ya Tanya ganda lake gumu linastahimili safari, tunalijua, lakini hata Tanya ikichumwa imeshaiva haivuki siku mbili kwenye joto la Dar. Sisemi umefanya makusudi. Nadhani vibarua walichuma jioni wakitaka kumaliza shamba. Ila mimi naomba zenye rangirangi, ziivie huku mikononi mwangu.

Picha ya saba ni mafungu matatu baada ya kuchambua: nzima, zilizobonyea, na za kutupa. Ya nane ni mizani yenye fungu la mwisho juu yake, namba inasomeka. Ya tisa ni tenga namba 41, na hilo nimelipiga picha ili nikuambie ukweli: ni letu. Kijana wa kushusha aliteleza nalo likaanguka, likapasuka. Limo kwenye picha lakini halimo kwenye hesabu.

Sasa hesabu. Tenga 37 ziko vizuri, nimezipokea bila neno, na nyingine zilikuwa nzuri kweli, nisiwe mchoyo wa kusema. Ukitoa hilo moja lililoanguka zinabaki 22 zenye matatizo. Zote 22 tulizimimina tukachambua mpaka saa mbili usiku, taa ya simu mkononi. Tulipopima tulipata kilo 871. Utaona hata kilo 40 kwa tenga hazifiki, pamoja na kichwa chote kile, maana maji yameshamwagika njiani. Nzima zilikuwa kilo 486. Zilizobonyea kilo 262. Za kutupa kilo 123.

Kwa bei yako ya 38,000 kwa tenga la kilo 40, kilo moja ni shilingi 950. Zile zilizobonyea sikuzitupa, niliziuza masalo kwa mama lishe wa huku nyuma ya soko na kwa dada mmoja anayepika pilipili ya chupa, kilo kwa 350. Hapo nimepoteza 600 kwa kila kilo, yaani 157,200. Zilizotupwa, kilo 123 kwa 950, ni 116,850. Jumla 274,050.

Lakini nyanya si mawe. Kila tenga lina zake za kuharibika hata ungelibeba mapajani kutoka Iringa, na mimi miaka yote nimekubali kilo mbili kwa tenga bila kukupigia simu. Kwa tenga 22 ni kilo 44, shilingi 41,800. Hizo ni zangu, nimezitoa. Inabaki 232,250. Zile 250 nazo tuziache, naomba 232,000.

Nimepiga kwa bei niliyonunulia kwako, sikupiga kwa bei ya hapa sokoni. Jumatano tenga lilikuwa linakwenda 55,000 na ningeweza kudai faida niliyokosa, lakini faida ni bahati yangu, si deni lako. Nauli ya kilo nilizotupa pia nimeimeza, na vijana wawili wa kuchambua nimewalipa mimi.

Kwa hiyo pendekezo langu: ile 980,000 nikutumie 748,000, tufunge mzigo huu. Kama pesa imekubana, maana najua msimu huu dawa na mbolea vimekaba kila mkulima, basi nakutumia yote 980,000 na wewe unanipakilia tenga sita juu ya mzigo ujao. Hizo kwa bei ile ile ni 228,000, pungufu kidogo ya ninachodai, lakini nitaridhika. Chagua wewe. Nisichokitaka ni ile ya "tutaangalia mbele ya safari", maana mwaka jana tuliangalia mbele ya safari hadi leo hatujafika.

Na la kichwa, Baba Neema, nisikubebeshe lote. Mimi mwenyewe nimekuwa nikikifurahia. Tenga lenye kichwa linavutia mteja, na mimi napata sado moja mbili za juu bila kuzilipia. Nimekuwa kimya kwa sababu kilikuwa kinaninufaisha. Lakini nimeona Jumatano kwa macho yangu kinavyofanya: sado mbili za bure juu zinaua ndoo nzima chini. Na siku watu wa Vipimo wakisimamisha lile gari njiani tutaumia wote wawili, kwa hiyo kuanzia sasa sitaki kichwa. Jaza hadi chini ya ukingo, vidole viwili, mbao ibebe mbao. Kama kwa hiyo kilo zitapungua, tupime tenga moja pale shambani, uniambie kilo ngapi, tupange bei upya. Sitakuomba unipe zile za kichwa kwa njia nyingine.

Nyasi rudisha. Misumari mwambie fundi aikunje. Zile nyekundu kabisa wauzie wapita njia hapo barabarani, mabasi yakisimama Ilula wananunua hata zilizoiva sana.

Tenga zako tupu 59 nimezifunga vizuri, zitapanda na dereva yule yule anaporudi kesho usiku. Lile lililopasuka nitakulipa mbao zake, niambie fundi anatoza kiasi gani.

Jumamosi ijayo nahitaji tenga 40, siyo 60, mpaka nione. Nijibu kesho kabla ya saa kumi jioni, nikutumie pesa wakala hajafunga, au uniambie ni zile tenga sita. Ukiona kuna namba haikukaa sawa, nipigie usiku baada ya saa mbili, mchana sokoni sisikii kitu.

Msalimie mama Neema, mwambie yale maharage aliyonitumia yalikuwa matamu sana.

Mama Shani
Kizimba cha nyanya, Soko la Ilala
Alhamisi usiku